Familia ya Mbagala: Neema anaenda Jozi, abebe keshi kiasi gani?

Neema: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Mimi na baba Ima tunaondoka tarehe 4, basi la Lusaka tumeshakata na nauli tumelipa kwa shilingi. Tunapita Tunduma, Lusaka, Livingstone, tunavuka daraja la Kazungula tunaingia Botswana, afu Jozi Afrika Kusini kwa mdogo wangu. Siku 16 jumla. Kurudi tunapanda basi moja kwa moja la Jozi Lusaka lile linalopita Zimbabwe. Tuna milioni 4 na nusu mbali na nauli ya kwenda. Swali langu ni moja tu, tubebe keshi kiasi gani na iwe pesa ya nchi gani maana hapo kuna kwacha, pula, randi na Zimbabwe hata sielewi wanatumia nini

Kaka Hamisi: Neema si umtumie tu mdogo wako kwa simu akupokelee huko

Neema: Kaka sitaki kumtumia mtu hela, mimi ndo nasafiri 😂

Kaka Hamisi: Aaah sawa. Basi M-Pesa si inatosha, mi nilienda Nairobi sikubeba hata mia

Anko Dulla: Marahaba Neema. Hamisi Nairobi ni Nairobi. Pale Nakonde ng'ambo ya mpaka laini ya Tanzania bado inashika na unaweza kupata mtu wa kukutolea, ila ukishaiacha Nakonde wakala wa Lusaka hana habari na laini yako. Usimpotoshe mwenzio

Shangazi Rehema: Neema mwanangu nunua randi zote hapa hapa Kariakoo umalize, huko mbele utaibiwa. Na kadi usiguse, zinakata hela kila unapochomeka

Neema: Shikamoo shangazi. Randi zote? Na Zambia siku 5 nitakula nini

Shangazi Rehema: Marahaba. Utabadilisha randi ziwe kwacha

Zawadi: Shangazi samahani, hapo atakuwa amekatwa mara mbili. Biuro haichukui komisheni mkononi mwako, inachukua kwenye ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Shilingi kwenda randi unakatwa, randi kwenda kwacha unakatwa tena. Afu randi hapa Dar haina wateja wengi kama dola kwa hiyo tofauti yake huwa pana. Neema ukifika biuro angalia ubao, chukua bei ya kuuza toa ya kununua, ukiona pengo kubwa ujue hiyo pesa siyo ya kununulia hapo

Neema: Kwa hiyo dola

Zawadi: Dola ndo uti wa mgongo ndio, ila siyo zote keshi. Shangazi yuko sahihi nusu, kadi inakata, lakini makato mengi ya ATM yana kiwango cha chini kwa kila kutoa. Ukitoa kidogo kidogo mara 8 umeumia, ukitoa mara 2 kiasi kikubwa makato yanakuwa madogo ukilinganisha na ulichotoa. Hebu tupe makadirio yako kwanza nchi kwa nchi, bila hivyo tunabahatisha

Neema: Subiri nina daftari hapa. Nimepiga kwa dola, tuseme dola moja 2,500 kwa hiyo tuna dola 1,800. Haya ni makadirio yetu wawili, msinishike kwenye bei. Zambia 415, humo 150 ni kulala. Botswana siku 2 tu lakini 240 maana Kasane ni ya watalii, kulala peke yake 140. Jozi tunalala kwa mdogo wangu bure, chakula na usafiri na zile shopping 475. Kurudi nauli ya wawili mpaka Dar na chakula njiani 400. Inakuja 1,530. Inabaki 270 ya dharura

Kaka Hamisi: 475 Jozi na unalala bure? Unaenda kununua nini

Neema: Wewe endelea na Nairobi yako

Zawadi: 😂😂 Sasa pitia kila mstari ujiulize hii inalipika kwa kadi au lazima keshi. Kulala Livingstone na Kasane sehemu nyingi wanapokea kadi, ila piga simu kwanza uhakikishe. Jozi yote ni kadi au ATM, mashine zimejaa. Hayo yaondoe kwenye keshi

Anko Dulla: Nauli ya kurudi iwe keshi. Ofisi za mabasi siku mashine yao imekufa hawana shida na wewe, wanakwambia kesho

Neema: Basi keshi ni Zambia bila kulala 265, Botswana bila kulala 100, kurudi 400. Hiyo 765. Nikiongeza nusu ya dharura 135 inakuwa 900 kamili. Na kwenye kadi 900 nyingine. Jamani imegawanyika nusu kwa nusu yenyewe

Anko Dulla: Mi ningebeba 1,100. Kadi ikimezwa Livingstone siku ya Jumamosi jioni utaniambia

Zawadi: Na keshi ikiibiwa kwenye basi anko? Kadi unapiga simu inafungwa, dola ikienda imeenda. Bora wabebe kadi 2 za benki mbili tofauti, moja ya mume moja yake, na zisikae pochi moja

Anko Dulla: Kadi mbili sawa. Lakini mimi bado nasema 1,100

Baba Ima: Nimewasoma wote. Mimi niko upande wa anko

Neema: Wewe tutaongea nyumbani

Anko Dulla: Sasa skiliza Neema hii ya Tunduma ndo muhimu. Dola zako usizifungue pale kabisa. Pale shilingi inabadilishwa moja kwa moja kuwa kwacha kwa sababu biashara ya pale yote ni ya watu wa pande mbili, kwa hiyo beba shilingi kama laki moja pembeni, hiyo ibadilishe. Tuseme kwacha moja ni shilingi 110, laki inakupa kama kwacha 909. Inakutosha kula njiani na teksi ya kukushusha gesti Lusaka. Basi. Mpakani unabadilisha pesa ya kukufikisha mjini tu, ya matumizi ubadilishe mjini kwenye biuro kwa bei ya ubaoni

Neema: Na wale vijana wanaokuja dirishani na mabunda?

Anko Dulla: Hao ndo niliokuwa nakuja kwao. Nimeendesha lori njia ile miaka mingi nimeona watu wanalia. Michezo yao ni mitatu. Wa kwanza wanakupigia hesabu kwenye kikokotoo chao na kimechezewa, wewe piga kwenye simu yako kabla hujatoa hela. Wa pili wanahesabu mbele yako vizuri afu noti zingine zimekunjwa katikati, moja inahesabiwa mbili. Hapo ukishazihesabu wewe kwa mkono wako usimrudishie tena hata akisema "subiri nihakikishe", akizishika tena zinarudi pungufu. Wa tatu ndo mbaya, anakupa kwacha siyo yenyewe. Kuna mwenzetu mmoja alipewa kwacha za Malawi, akaona namba kubwa akafurahi, kufika Mpika anataka kulipa chakula mama muuzaji anacheka. Kwacha ya Malawi ni nyepesi sana ukiilinganisha na ya Zambia

Shangazi Rehema: Yesu wangu

Zawadi: Na zile za zamani za Zambia anko. Walifuta sifuri 3 mwaka 2013, kwa hiyo noti yoyote ya Zambia yenye maelfu imekufa. Afu 2025 wametoa noti mpya kabisa, kuna mpaka ya 500 na ya 200 ambazo kwenye noti za 2013 hazikuwepo. Neema ingia tovuti ya Bank of Zambia uangalie picha zake uzisevu kwenye simu, usikutane nazo mara ya kwanza usiku wa manane mpakani. Na mimi wale vijana hata siwashauri, hawana leseni, Tunduma kuna biuro

Anko Dulla: Basi likifika usiku biuro imefungwa utafanyaje

Zawadi: Ndo maana anunue chakula cha njiani Mbeya 😄

Mama Junia: Mimi niliwahi kukataliwa dola Zanzibar, dola mia nzima, eti ina maandishi ya peni

Zawadi: Mama Junia umenikumbusha. Neema dola utakayopewa ikague mwenyewe hapo hapo dirishani. Isiwe imechanika, isiwe na mhuri wala maandishi, na zile za zamani za kichwa kidogo zirudishe, sehemu nyingi huku kwetu wanazikataa au wanakupa bei ya chini. Na utakapoenda kununua nenda na paspoti

Neema: Noti kubwa au ndogo?

Zawadi: Za kubadilisha ziwe za mia, biuro nyingi zinatoa bei nzuri kwa noti kubwa na ndogo wanazipunguzia. Ndogo ni za kulipia tu

Anko Dulla: Na za kulipia ni Zimbabwe. Wale wana pesa yao ZiG walianzisha 2024 lakini barabarani dola ndo inatembea. Shida yao ni chenji. Ukitoa dola 20 kwa soda na chipsi atakwambia hana chenji, anakupa pipi au unaacha. Hapo noti za dola moja moja ni dhahabu

Shangazi Rehema: Mbona nilisikia Zimbabwe ni randi

Anko Dulla: Ukitoka Jozi pale karibu na Beitbridge randi inapita shangazi, ila ukisonga kwenda Harare ni dola. Na randi zitakazobaki ale nazo upande wa Afrika Kusini kabla ya mpaka ziishe

Neema: Kwa hiyo 900 yangu: mia sita (noti 6), za ishirini 10, hamsini iwe ya tano tano na kumi kumi, na hamsini ya moja moja. Imetimia. Pula je?

Zawadi: Pula hapa Dar usihangaike. Ukivuka Kazungula nenda Kasane kuna ATM, toa mara moja tu kiasi cha siku mbili. Na hapo kuna mtego, mashine inaweza kukuuliza kama unataka wakukokotolee kwa shilingi, inaandika kitu kama "Accept conversion", inaonekana ya kirafiki kweli maana unaona shilingi zako. Kataa, chagua "Decline conversion". Hela inatoka vilevile ila bei inapigwa na mtandao wa kadi siyo na mashine, na ya mashine karibu kila mara ni mbaya. Madukani Jozi hivyo hivyo, sema randi

Neema: Hiyo nilikuwa naenda kubonyeza accept bila kufikiri

Zawadi: Na ipigie benki yako kabla ya safari wafungue kadi kutumika nje, na uliza makato ya kutoa nje ni shilingi ngapi. Laini yako pia iwe na roming, kuna malipo yanatuma namba za uthibitisho kwenye simu

Kaka Hamisi: Na zile dola mnaweka wapi, soksi?

Anko Dulla: Siyo sehemu moja. Ya leo mfukoni, nyingine kwa mume, nyingine kwa mke, zilizobaki mkanda wa ndani. Kwenye begi la buti la basi hata shilingi mia usiweke

Neema: Asanteni sana. Ijumaa naenda biuro. Ya 900 au 1,100 tutaamua na baba Ima

Baba Ima: 1,100

Zawadi: 900

Shangazi Rehema: Neema uniletee blanketi lile zito la Jozi, ukirudi nitakupa shilingi zako

Neema: Shangazi nipe kabla ya Ijumaa bana, ukinipa nikirudi nitakuwa nimekununulia kwa hela ya basi

Shangazi Rehema: Hela mwisho wa mwezi mwanangu

Anko Dulla: Ndo maana nilisema 1,100 😂