Nguzo iliyovikwa koti la zege: je, tujumlishe nguvu ya zamani na mpya?

Mwenye nyumba, Nkuhungu

Nina nyumba ya ghorofa moja na nataka kuongeza ghorofa la pili. Mhandisi wangu anasema nguzo za chini zivikwe koti la zege la sentimita 10 kila upande, na kwa hesabu yake zitakuwa na nguvu karibu mara tano. Mhandisi mwingine ameniambia kwamba hesabu ya kujumlisha namna hiyo ni ya hatari na kwamba jiji lisipitishe michoro yake. Naomba wenye ujuzi mjadili, kwa sababu hapa Dodoma tuko wengi tunaotaka kuongeza ghorofa juu ya nyumba za zamani.

Mhitimu wa uhandisi, Dodoma Makulu

Sioni kosa katika kujumlisha. Nguzo nyingi za nyumba za aina hiyo ni za milimita 230 kwa 230 zenye nondo nne za milimita 12. Tuchukulie kwamba zege la zamani lilipopimwa lilitoa N/mm² 15, na koti ni la N/mm² 25 lenye nondo nane za milimita 16. Nguzo baada ya koti inakuwa ya milimita 430 kwa 430. Kwa fomula ya BS 8110 ambayo wengi tumefundishwa, hesabu inakwenda hivi:

```
N = 0.35 fcu Ac + 0.67 fy Asc
zamani: 0.35(15)(52448)  + 0.67(460)(452)  =  415 kN
koti:   0.35(25)(130392) + 0.67(460)(1608) = 1637 kN
```

Jumla ni takriban kN 2050, yaani karibu mara tano ya 415. Zege na nondo vinafikia kikomo chake kwa mfinyo unaokaribiana, hivyo mzigo ukiwa mkubwa kila sehemu itatoa nguvu yake yote. Anayepinga atuonyeshe namba iliyokosewa.

Mhandisi wa miundo, Area C

Ndugu mhitimu, namba zako hazina kosa, na hoja yako kuhusu mfinyo nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Ulichohesabu ni nguvu ya kipande cha nguzo kilichokatwa katikati ya urefu wake, mahali ambapo mzigo umekwisha kuenea katika zege lote. Swali la mwenye nyumba linajibiwa kwenye ncha mbili za nguzo: mzigo unaingiaje kwenye koti pale juu, na unatokaje pale chini?

Tuchukue nguzo ya ndani katika nyumba kama yake, kwa mizigo iliyokwisha kuzidishwa kwa usalama. Leo bimu za ghorofa la kwanza zinaipa nguzo kN 290, na paa linaleta kama kN 70 kupitia nguzo ya juu, jumla kN 360, kiasi ambacho nguzo ya kN 415 inakibeba. Ghorofa la pili likiongeza kN 260, jumla inakuwa kN 620. Upungufu wetu ni kN 205 tu. Hatuna haja ya kubishania kN 2050, kwa kuwa hakuna atakayezitumia. Tunachopaswa kuthibitisha ni kwamba hizo kN 205 zitaingia kwenye koti kweli.

Sasa tazameni pale koti linapokutana na tumbo la bimu. Zege bichi likimwagwa kutoka pembeni hutuama, maji hupanda juu, kisha koti lote husinyaa likikauka. Koti la urefu wa mita 2.8 likisinyaa kwa sehemu nne katika elfu kumi, linafupika kwa zaidi ya milimita moja, mbali na kule kutuama kwa siku ya kwanza. Hapo panabaki ufa mwembamba unaozunguka nguzo nzima chini ya bimu. Palipo na ufa huo, kN 620 zote zinapita kwenye zege la zamani la 230 kwa 230, ambalo uwezo wake ni 415. Koti linaweza kuwa la nusu mita na lisisaidie chochote mahali hapo.

Mkazi wa Nzuguni

Mimi nguzo zangu za barazani niliziongeza unene kwa waya wa kuku na lipu ya sentimita 5, na sasa ni mwaka wa sita hazijapata ufa hata mmoja. Sielewi kwa nini mnalifanya jambo hili kuwa gumu.

Mhandisi wa miundo, Area C

Mzee wangu, nguzo zako hazina ufa kwa sababu hukuongeza mzigo wowote juu yake. Lipu hiyo imebadilisha umbo la nguzo na haikugusa nguvu yake. Usije ukajenga juu kwa kuitegemea.

Fundi mkuu, Ipagala

Ufa anaousema mhandisi nimeuona kwa macho yangu. Tuliitwa kwenye jengo moja ambalo nguzo zake zilikuwa zimevikwa koti na mkandarasi mwingine, na mwenye jengo alitaka tuendelee juu. Kwa macho nguzo zilikuwa nzuri, zimenyooka na zimepakwa rangi. Nilichukua ubao wa msumeno wa chuma nikaupitisha chini ya bimu, ukaingia karibu sentimita 10 bila kugusa kitu, mpaka ulipofika kwenye nguzo ya zamani. Nilipogonga koti kwa nyundo kuanzia chini kwenda juu, mlio ulikuwa mzito mpaka usawa wa kifua, kisha ukawa wa uwazi. Tulibomoa upande mmoja na kukuta lipu ya zamani haikutolewa, wala nguzo haikuchongwa kwa tindo. Zege jipya lilikuwa limeegemea rangi.

Sisi tunalitibu hivi. Zege la koti tunalisimamisha sentimita 5 mpaka 7 chini ya bimu na kuliacha litulie. Tunalimwagilia na kulifunga magunia yaliyolowa kwa siku 7 bila kukosa, maana upepo mkavu wa hapa Dodoma mwezi wa 7 na wa 8 unanyonya maji ya koti jembamba kabla ya jioni. Halafu ile nafasi tunaishindilia kwa mchanganyiko mkavu wa saruji moja kwa mchanga tatu, wenye unyevu wa kushikamana mkononi tu, tukiupiga kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka ukatae kuingia. Ukiutia maji mengi utasinyaa na ufa utarudi.

Mhandisi mshauri, Ilazo

Naandika kama yule anayepinga, ingawa si mimi niliyezungumza na mwenye nyumba. Kushindilia juu ni sharti, lakini hakutoshi. Siku koti linapowekwa, mzigo wa bimu tayari umo kwenye nguzo ya zamani, na hauhami kwa sababu tu tumejaza nafasi. Mzigo mpya nao unashuka kupitia nguzo ya juu na kuingia moja kwa moja kwenye kiini kilekile. Kwa hiyo bimu lazima ziinuliwe kwa jeki kabla ya kazi, na zishushwe juu ya koti lililokwisha kukomaa. Kuweka mirunda na kuikaza kwa kabari hakupunguzi mzigo wa maana. Kunazuia tu hali isizidi kuwa mbaya. Kama jeki hazimo kwenye michoro, jiji lisiipitishe.

Mhandisi wa miundo, Area C

Kwa nguzo iliyokwisha kuelemewa, yenye nyufa za wima au iliyopoteza zege kwa kutu ya nondo, nakubali bila ubishi. Kwa nguzo hii nasita. Leo ina kN 360 kati ya 415, tena hizo ni namba zilizozidishwa. Mzigo halisi ni mdogo zaidi. Mzigo mpya unapoingia kwenye kiini, unavuka kwenda kwenye koti kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshikamano wa uso. Mzingo wa nguzo ya zamani ni milimita 920, na tukihesabu mita moja ya juu tu, kN 205 zinaupa uso huo msongo wa N/mm² 0.22. Uso uliochongwa vizuri mpaka kokoto zikaonekana, kwa utaratibu wa Eurocode 2 na zege dhaifu kama hili, unabeba karibu 0.29. Uso laini unabeba karibu 0.15, kwa hiyo hautoshi. Uso wenye lipu mimi naupa sifuri. Njia ya pili ni ile ya kushindilia: kiini kikifinyika kidogo, bimu inashuka pamoja nacho na kulikalia koti. Nafasi ikiwa imejazwa vizuri, sehemu ndogo tu ya milimita inatosha.

Mhandisi mshauri, Ilazo

Hiyo 0.29 inategemea fundi mwenye tindo na siku mbili za uvumilivu kwa kila nguzo. Fundi wa Ipagala ametuonyesha kinachotokea akikosekana. Jeki inapimika: ninaona kipimo chake na ninajua nimeinua kiasi gani. Uchongaji hauonekani tena mara fomu zikishafungwa.

Mhandisi wa miundo, Area C

Basi ukaguliwe kabla fomu hazijafungwa, nguzo kwa nguzo, na picha zihifadhiwe. Hata hivyo sikatai kwamba jeki ni salama zaidi. Hofu yangu ni bimu za zamani kupasuka juu zikiinuliwa na mtu asiye na uzoefu, na hilo nalo limewahi kunitia kazini.

Mhitimu wa uhandisi, Dodoma Makulu

Nimeelewa kuhusu juu. Chini kuna tatizo gani, ikiwa koti limesimama juu ya sakafu ya zege?

Fundi mkuu, Ipagala

Sakafu ya chini ni zege la sentimita 10 juu ya kifusi, kijana wangu. Koti likikalia hapo, sakafu itapasuka na mzigo utarudi kwenye nguzo ya zamani. Ni lazima uvunje sakafu, uchimbe mpaka kwenye msingi wenyewe, utoboe na kupandikiza nondo za koti humo, na koti lianzie pale.

Mwenye nyumba, Nkuhungu

Nawashukuru. Jana tulivunja sakafu kwenye nguzo moja na kuchimba. Kitako cha msingi ni mita 1.2 kwa 1.2, na udongo wake ni mweusi, unaoshikamana na jembe, chini ya mita moja hivi. Lipu ya nguzo tuliipiga ikaanguka kwa mabamba makubwa, na ndani zege lina mashimo katika sentimita 20 za mwisho juu ya msingi, kiasi cha kuonekana ringi.

Mhandisi wa miundo, Area C

Hayo yanabadilisha mpangilio wa kazi. Mashimo hayo yasafishwe na kujazwa kabla ya koti, tena nguzo hiyo iwe imeegemezwa kwa jeki wakati wa kuyajaza. Kwa nguzo hii namuunga mkono mwenzangu wa Ilazo. Kuhusu kitako, kN 620 tukiirudisha kwenye mzigo halisi ni kama kN 430, na kwenye mita za mraba 1.44 udongo unapata karibu kN 300 kwa kila mita ya mraba, wakati leo unapata kama 170. Udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua siupi 300 kwa kukisia. Usiagize nondo za koti kabla udongo haujapimwa maabara, kwa sababu yawezekana kitako ndicho kitakachohitaji kupanuliwa kwanza, na gharama yake ikazidi ile ya nguzo zote.

Mhandisi mshauri, Ilazo

Na kichimbwe kingine kwenye nguzo ya pembeni. Vitako vya pembeni mara nyingi vilijengwa vidogo zaidi.