Tupeane uzoefu: jongo, soda, kahawa na juisi ya cheri

Mwanzisha mada
Nina umri wa miaka 44 na nimepata jongo mara tatu, mara zote katika kidole gumba cha mguu wa kushoto, kiasi kwamba mara ya mwisho nililazimika kukata ndala upande wa mbele ili kidole kisiguse chochote. Sili nyama nyingi wala sinywi pombe. Daktari aliponiuliza ninakunywa nini kutwa, nilimjibu kwamba ninakunywa soda tatu za mililita 330, naye akaacha kuandika akanitazama. Kipimo cha asidi ya yuriki, ile inayoganda viungoni na kuleta jongo, kilikuwa miligramu 8.9 kwa desilita. Niliacha soda kwa miezi mitatu, na kipimo kikashuka hadi 7.6. Naomba waliopitia hali hii waeleze kilichowasaidia, hasa kahawa na juisi ya cheri, kwa kuwa nasikia sifa zake kila mahali.

Mzee wa Mbili
Pole sana, ndugu. Mimi niliacha soda nikahamia juisi ya machungwa, glasi kubwa asubuhi na nyingine jioni, nikiamini kwamba kitu cha tunda hakina madhara. Baada ya miezi miwili kifundo cha mguu kilivimba. Tatizo la soda ni gesi na kemikali, kwa hiyo hata hizi zisizo na sukari zina madhara yale yale.

Muuguzi Mstaafu
Mzee wa Mbili, juisi umeielewa vizuri, lakini gesi haihusiki. Sukari ya kawaida nusu yake ni fruktosi, na soda moja ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Fruktosi ikifika kwenye ini huchakatwa kwa kasi isiyo na breki, seli hutumia akiba yake ya nishati kwa ghafla, na mabaki ya akiba hiyo huvunjwa hadi kuwa asidi ya yuriki. Ndiyo maana kiwango huweza kupanda ndani ya saa moja baada ya kunywa, bila mtu kugusa nyama. Juisi ya machungwa ina fruktosi pia. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wanaume zaidi ya 46,000 kwa miaka 12, waliokunywa soda zenye sukari mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata jongo kubwa zaidi kwa asilimia 85 kuliko waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuonyesha uhusiano huo.

Mama Vikombe
Nami nina mawe ya figo, je, kahawa itayayeyusha?

Muuguzi Mstaafu
Dada yangu, hilo ni swali jingine, na aina ya jiwe ndiyo inayoamua tiba, kwa hiyo muulize daktari wako. Kuhusu jongo, watafiti hao hao waliona kwamba wanaume waliokunywa vikombe vinne hadi vitano vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi kwa asilimia 40 kuliko wasiokunywa. Kahawa iliyotolewa kafeini nayo ilionyesha mwelekeo huo, ilhali chai haikuonyesha, jambo linaloashiria kwamba kafeini siyo sababu. Lakini huo ni ufuatiliaji tu, siyo jaribio la tiba, na mtu anayetia vijiko vitatu vya sukari kwa kila kikombe anairudisha fruktosi kwa mlango wa nyuma.

Kipimo Kwanza
Nilikunywa juisi ya cheri chungu kila siku kwa wiki sita. Kipimo kilikuwa 8.1 nilipoanza na 8.0 nilipomaliza, ingawa kipindi hicho sikupata shambulio. Sijui nimshukuru nani.

Muuguzi Mstaafu
Ulichokiona kinafanana na tafiti. Moja ya mwaka 2012 yenye wagonjwa 633 ilikuta kwamba siku mbili baada ya kula cheri hatari ya shambulio ilipungua kwa asilimia 35, lakini jaribio la watu 50 waliopewa juisi ya cheri kwa siku 28 halikuona asidi ikishuka. Huenda cheri hutuliza uvimbe bila kugusa fuwele za asidi hiyo zilizokwisha kujijenga kwenye kiungo. Na soma kibandiko, kwa maana juisi nyingine za cheri zimeongezwa sukari. Mwanzisha mada, 7.6 bado iko juu ya 6.8, ambapo asidi huanza kuganda. Lengo la kawaida ni chini ya 6, na mtu mwenye mashambulio matatu aulize kuhusu alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo.

Mwanzisha mada
Shambulio la mwisho lilikuwa kabla sijaacha soda, na siku ile maabara iliandika 6.4. Ilikuwaje?

Muuguzi Mstaafu
Wakati wa shambulio kiwango huweza kushuka kwa muda na kudanganya. Kipime tena walau wiki mbili baada ya maumivu kuisha.

Mzee wa Mbili
Kwa hiyo chungwa zima nalo niliache?

Muuguzi Mstaafu
Hapana. Hakuna anayekula machungwa sita kwa dakika mbili, ila glasi yako kubwa huyabeba.