Vigae vitatu vinalia debe: nidunge gundi au ning'oe nibandike upya?

dada_wa_tabata
Wakuu, salaam. Sebuleni nina vigae vya poseleni vya sentimita 60 kwa 60, vina miaka minne. Juzi naburuta kiti nikasikia mlio umebadilika. Nikagonga kimoja kimoja kwa sarafu: vitatu karibu na mlango wa kibarazani vinalia debe. Kimoja ukikikanyaga pembeni kinacheza, grauti yake imepukutika. Viwili vimetulia. Fundi wa kwanza anataka kutoboa kwenye mistari adunge gundi, nusu siku kazi imekwisha. Wa pili anataka kung'oa vyote vitatu. Vya akiba ninavyo viwili tu. Nifuate lipi?

Mzee wa Mwiko
Dada, usivipe vyote dawa moja. Kinachocheza king'olewe. Kikishaanza kucheza, kila anayekikanyaga anasaga saruji ya chini, na gundi ya kudunga itashika ule unga badala ya sakafu. Tena huwezi kuona imefika wapi. Kudunga kunaweza kusaidia kigae kilichoshika sehemu kubwa, pengo likiwa dogo na kavu. Vile viwili, zungushia chaki eneo linalolia. Kama ni pembe tu na grauti haijapasuka, mimi ningeviacha, niwe navigonga kila baada ya miezi kadhaa. Ukiving'oa vinaweza kuvunjika, na akiba yako ni ndogo.

saruji_tupu
Gundi ya nini? Loweka kigae usiku kucha, weka mchanga na saruji, mwagia uji wa saruji, bandika. Nyumba ya baba hakuna hata kimoja kilichoachia tangu nikiwa mtoto.

Mzee wa Mwiko
Ndugu yangu, kwa vile vigae vya zamani uko sahihi, mgongo wake unakunywa maji na saruji inapata pa kujishika. Poseleni hainywi hata nusu asilimia ya uzito wake. Ukiiloweka wiki nzima itatoka vilevile, na saruji ikikauka inabanduka kama gamba.

mama_wawili
Na mimi jamani, vya ukutani bafuni vimedondoka viwili na nyuma kuna unyevu. Ninunue gundi hiyo hiyo?

Mzee wa Mwiko
Mama, wewe tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ukibandika juu ya ukuta uliolowa utarudia kazi.

dada_wa_tabata
Mrejesho. Fundi wa pili amekuja kwa hicho kimoja. Alikwangua grauti pande zote nne kwanza, ndipo akapenyeza patasi nyembamba upande usio na jirani anayelia. Kimetoka kizima! Mgongoni kina vumbi jeupe la kiwandani na alama za madonge matano ya gundi, kati kati patupu. Tatizo: tukikirudisha kwa majaribio kinazidi jirani zake kwa milimita nne.

Mzee wa Mwiko
Hayo madonge ndiyo yaliyokuponza. Sasa usikubali akizamishe kwa kukigonga. Achonge gundi yote ya zamani mpaka sakafu, na mgongo wa kigae auoshe na kuukwangua. Kikiwa kikavu kiwekwe pale bila gundi: kibaki chini ya jirani kwa milimita nne au tano hivi, hiyo ndiyo nafasi ya gundi mpya. Afagie, apitishe sponji yenye maji kidogo, yasituame.

Kigae kimoja kinakula kama kilo mbili za gundi ya poseleni. Akishakoroga aiache dakika tano, akoroge tena. Aichane kwa mwiko wa meno ya milimita kumi, mistari yote ielekee upande mmoja, kisha apake nyembamba mgongoni mwa kigae pia. Akikandamize akikisogeza kukatisha ile mistari, halafu akibandue mara moja atazame mgongo. Akiona mistari mitupu, aongeze. Afanye upesi, maana kwa upepo wa mlangoni gundi inaota ngozi kabla ya dakika ishirini. Grauti ni kesho yake, na msikikanyage kabla ya hapo.

dada_wa_tabata
Ahsante mzee. Amechonga, kimekaa sawa na wenzake. Ila kabla hajapaka, niligonga sakafu tupu pale chini: upande wa mlango nayo ililia debe. Akasema si neno, gundi mpya itabana.

Mzee wa Mwiko
Hapo simuungi mkono. Gundi inashika uso wa sakafu tu. Kama tabaka la sakafu limeachana na zege lililo chini, kigae kitashika vizuri na bado kitalia. Kile kipande kilitakiwa kuvunjwa na kujazwa upya.

fundi_mbagala
Mzee, kwa kipande cha kiganja siwezi kuvunja sakafu ya mtu. Nimeacha vya namna hiyo na vimekaa. Dada, kina upana gani?

dada_wa_tabata
Kama sahani ya chakula. Leo siku ya tatu, kigae hakichezi hata kidogo, ila upande ule mlio bado upo.