Matangazo mawili ya mwalimu wa Fizikia na Hisabati: bweni Moshi au kutwa Dar?

Chaki_Nyeupe:
Habari za jioni walimu wenzangu. Nina matangazo mawili mkononi na yote mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa hii, tarehe 17 Oktoba.

La kwanza ni sekondari binafsi ya bweni, Moshi vijijini. Wanataka mwalimu wa Fizikia na Hisabati mwenye shahada ya ualimu na uzoefu wa miaka miwili, kuanza muhula wa kwanza, Januari. Barua ya maombi, wasifu na nakala za vyeti viwe faili moja la PDF, vitumwe kwa barua pepe. Nyumba ipo.

La pili ni sekondari binafsi ya kutwa, Dar. Hisabati, Fizikia "na somo lingine utakalopangiwa". Stashahada au shahada, kuanza mara moja, ufike mwenyewe shuleni na vyeti halisi.

Nishaurini, niende wapi?

Mama_Vipindi:
Mdogo wangu, mshahara umeuweka wapi? Vipindi vingapi kwa wiki? Una familia? Una deni la Bodi ya Mikopo? Hapo hakuna wa kukushauri, labda akupigie ramli.

Kijana_wa_Kibaha:
Subiri dirisha la Ajira Portal lifunguliwe, kaka. Hakikisha namba ya NIDA imekaa sawa na vyeti vimethibitishwa na mwanasheria.

Mama_Vipindi:
Kibaha, hizi ni shule binafsi. Portal haihusiki hapa.

Chaki_Nyeupe:
Samahani dada. Nimewapigia wote wawili. Moshi ni 700,000 kabla ya makato. Dar wamesema laki tano na nusu mkononi. Deni la Bodi ninalo. Sijaoa. Vipindi sikuuliza.

Fundi_Namba:
Dar, bila kupepesa macho. Moshi vijijini utapata wapi mwanafunzi wa tuisheni? Dar jioni unajiongezea. Na mkononi ni mkononi, huhitaji kalkuleta.

Mzee_wa_Prepu:
Kalkuleta inahitajika, Fundi, hebu tuipige hiyo ya Moshi. Katika 700,000, NSSF asilimia 10 ni 70,000, inabaki 630,000. Kodi inapigwa kwenye hiyo iliyobaki: ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kilichozidi ni 110,000, kwa hiyo 22,000, jumla ya kodi 42,000. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 105,000. Unabaki na 483,000.

Kwa macho Dar inazidi kwa 67,000. Lakini Moshi mwajiri naye anaweka 70,000 yake NSSF, kwa hiyo kila mwezi akaunti yako inaingia 140,000, deni linapungua kwa 105,000, na kodi ya chumba hulipi. Sasa waulize Dar: hiyo laki tano na nusu ni baada ya kukata na kupeleka, au ni bahasha? Kama ni bahasha, deni linakusubiri palepale na NSSF hakuna kitu. Omba waandike mshahara ghafi kwenye mkataba. Wakikataa, umeshapata jibu.

Na kuna jambo limenishtua kuliko pesa. Tangazo limetoka Oktoba, kazi "mara moja". Kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa Novemba. Mwalimu wa Fizikia aliyekuwepo amekwenda wapi wiki chache kabla ya mtihani? Inawezekana ameitwa serikalini, heri yake. Inawezekana pia hajalipwa miezi mitatu. Muulize mlinzi, muulize mwalimu utakayemkuta chini ya mwembe akisahihisha madaftari. Mkuu wa shule hatakwambia.

Binti_wa_Same:
Na vyeti halisi usiviache! Naomba mnivumilie, nieleze yaliyonipata.

Shule niliyofundisha ilinipokea kwa tangazo kama hilohilo, fika na vyeti halisi. Mhasibu akaviangalia, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina langu kwa kalamu nyekundu na kuifungia kabatini. "Utaratibu wa shule, mwalimu." Nilikuwa na njaa ya kazi, nikanyamaza. Ulipofika usaili wa walimu wa serikali mwaka 2025 nikaitwa, na kule bila vyeti halisi huingii. Nikaenda kuviomba Jumatatu. Mkuu hayupo. Jumanne, funguo anayo mkurugenzi. Jumatano wakaniambia wazi: andika barua ya kuacha kazi, lipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, ndipo uchukue. Sikuwa hata na mpango wa kuacha kazi, nilitaka vyeti vyangu vya siku moja tu. Nilikopa kwenye kikoba cha mama nikalipa, na bahasha nikakabidhiwa saa kumi jioni wakati usaili ulikuwa kesho yake asubuhi mkoa mwingine. Nilisafiri usiku kucha, nikafika nimechelewa, nikarudishwa getini.

Waonyeshe halisi, wazilinganishe na nakala ukiwa umesimama pale, kisha uondoke nazo.

Mama_Vipindi:
Pole sana mdogo wangu. Hilo ungelipeleka CMA, kwenye tume ya migogoro ya kazi. Cheti ni mali yako.

Binti_wa_Same:
Niliambiwa hivyo baadaye, dada. Siku 60 za kupeleka lalamiko zilikuwa zimeshapita.

Fundi_Namba:
Sawa, la vyeti nakubali. Lakini la kuanza Oktoba msimtishe. Sheria hairuhusu mkataba wa mwalimu chini ya miezi 12, kwa hiyo Desemba na likizo yote lazima wamlipe.

Mzee_wa_Prepu:
Kwenye karatasi uko sahihi, mtaalamu hapewi mkataba wa muda maalumu chini ya miezi 12. Ninachokiona mashuleni ni kwamba mwalimu anasaini, nakala hapewi, na shule ikifungwa mapema Desemba anaambiwa "tutaonana Januari". Atadai kwa karatasi gani? Asiingie darasani kabla ya kushika nakala yenye saini mbili.

Sir_Potenshomita:
Jamani, mbona hakuna aliyeuliza maabara? Fizikia ina mtihani wa vitendo. Nilikaa shule ya bweni isiyo na fundi maabara: vidato vinne vyote peke yangu, usiku nakata nyaya na kupima ukinzani kwa tochi ya simu, asubuhi niko zamu ya uji. Kabla ya kusaini omba kuingia maabara ufungue droo. Ukikuta daraja la mita limeondoka waya na springi zimevutika hazirudi, ujue fedha za kununulia utaanza kuziomba wewe.

Mama_Vipindi:
Na bweni lina prepu na zamu ya wikiendi. "Nyumba ipo" mara nyingi maana yake ni chumba ubavuni mwa bweni, na wewe ndiye mlezi. Aulize kama ulezi una posho.

Kijana_wa_Kibaha:
Hiyo ya Moshi wanahitaji na wa Historia? Mimi nina stashahada, Historia na Kiswahili. Sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili, lazima wanahitaji.

Fundi_Namba:
Stashahada, wakati tangazo limesema shahada?

Kijana_wa_Kibaha:
Hiyo ni ya Fizikia. Ya Historia hawajaitangaza, huenda stashahada inatosha.

Chaki_Nyeupe:
Asanteni sana. Moshi nimetuma leo, faili moja, barua mbele. Nimewapigia tena kuuliza vipindi: 28 kwa wiki, prepu mbili. Fundi maabara wamesema "yupo njiani". Dar nakwenda Alhamisi, nimetoa nakala za vyeti.

Sir_Potenshomita:
Njiani tangu lini?

Binti_wa_Same:
Halisi wakizitaka, zisitoke mkononi mwako.