Kutoa pampu kisimani kwa kapi: kila nguzo inabeba kilo ngapi?

Mtu_wa_Bahi: Wakuu, habari za jioni. Pampu ya kisima chetu kirefu huku Bahi imekufa, tunataka kuitoa pamoja na mabomba yake. Mzigo, ukijumlisha kapi ya chini, ni kama kilo 300. Kapi ni mbili, kila moja ina magurudumu mawili, kwa hiyo ya chini imeshikwa na kamba nne na kamba ya kuvutia inashuka toka kapi ya juu. Boriti ni mita 3 toka nguzo hadi nguzo, na kisima kiko mita 1 toka nguzo ya kushoto. Fundi wa kuchomelea anasema kila nguzo itabeba 150. Ni kweli?

Kijana_wa_Kizota: 300 gawa kwa 4, unavuta kilo 75. Fremu inabeba 300 ileile, fundi yuko sahihi.

Gereji_Mkonze: Mbona mnahangaika? Winchi ya mnyororo mimi nainulia injini peke yangu.

Mtu_wa_Bahi: Mkuu, hatuna winchi.

Mama_Mitambo: Kizota, hiyo 75 ni ya kapi zisizo na msuguano. Chukua kila gurudumu linakula karibu sehemu ya kumi: kamba ikivutwa kwa 95, ile ya kwanza kushika mzigo inabaki na kama 86, halafu 78, 71, 65. Jumlisha, unapata 300. Kwa hiyo ni 95, na mwenye kilo 70 akiivuta peke yake ataning'inia yeye. Wekeni watu watatu.

Sasa fremu. Anayevuta kwenda chini naye anaivuta boriti, kwa hiyo kulabu ya juu inabeba 300 na 95, yaani 395, bado uzito wa kapi ya juu na boriti yenyewe. Na kwa kuwa kisima hakiko katikati, nguzo ya kushoto inachukua theluthi mbili, kama 263, ya kulia 132. Fundi wako kakosea zaidi upande wa kushoto.

Kapi zikiwa na kutu, 95 haitoshi. Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao, kwenye kamba ya kuvutia, usome mzigo ukiwa unapanda. Ukisimama inasoma kidogo, maana msuguano unakusaidia kushikilia.

Mtu_wa_Bahi: Asante sana dada. Tukivuta kwa pikapu je?

Mama_Mitambo: Kamba ikilala nyuzi 45, boriti inasukumwa chini 367 tu, ila inavutwa pembeni kilo 67, na fremu ya nguzo mbili huangukia huko huko. Funga kamba mbili za kuizuia upande wa pili. Halafu dereva akishtua gari, hesabu hizi zote hazina kazi.

Kijana_wa_Kizota: Hapo kwenye 95 nimekuelewa. Ila si bora kuipitisha kwenye kapi nyingine chini ya nguzo, ndipo gari livute?

Mama_Mitambo: Boriti itarudi 395, na mguu wa nguzo utavutwa juu na pembeni. Pia gurudumu la tano, gari litavuta kama 105. Inategemea mguu umefungwaje.

Mtu_wa_Bahi: Haujafungwa, umesimama kwenye udongo wa mbuga, na jana mvua imenyesha.

Gereji_Mkonze: Basi subirini ukauke. Au weka mbao pana chini, ingawa kwa udongo ule sina hakika.