Barua pepe moja, maombi manne: igawanywe au iachwe?

Mwenye_Swali: Ofisini kwetu limetoka agizo: barua pepe yenye maombi yasiyohusiana igawanywe, kila ombi liende na kichwa chake. Juzi nilimwandikia meneja utawala kuhusu likizo, wino wa printa, makato yaliyozidi kwenye mshahara na gari la kwenda Singida. Kweli nimtumie barua nne ndani ya dakika tano?

Meneja_Mchovu: Usinitumie. Nikikuta barua nne za mtu mmoja zimepangana naona kama nadaiwa. Weka namba 1 hadi 4, nitajibu chini ya kila moja.

Bi_Masjala: Namba zinafaa pale anayejibu yote ni mtu mmoja. Hapa sivyo. Makato ni ya mhasibu, wino ni wa stoo, gari ni la msimamizi wa usafiri, likizo ni ya utumishi. Meneja akiifowadi ile barua kwa mtu wa stoo, huyo anasoma mshahara wako umekatwa nini na likizo unaiombea ugonjwa gani. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko kero ya kisanduku kujaa.

Sisi wa masjala tulilijua kabla ya kompyuta. Barua ya serikali ina YAH: moja kwa sababu karatasi moja haikai kwenye majalada mawili. Ikija yenye mambo mawili, ama utoe nakala, ama jambo la pili lizikwe kwenye jalada la jambo la kwanza, na atakayelitafuta mwakani halioni.

Halafu kuna jibu lenyewe. Meneja yuko njiani, anaandika kwa simu: "Sawa, nimeidhinisha." Ameidhinisha lipi? Wewe unafunga safari ya Singida, yeye alikuwa na wino kichwani.

Meneja_Mchovu: Hilo la "nimeidhinisha" limenigusa, nakiri nusu. Lakini barua nne nazo zina yake: nitajibu tatu, ya nne itasukumwa chini na za wengine.

Bi_Masjala: Itasukumwa, ila itabaki haijajibiwa na mwandishi ataiona. Ombi la nne ndani ya barua iliyokwishajibiwa linaonekana limemalizika.

Kijana_Mjanja: Mnajisumbua. Fungua barua ya zamani ya meneja, bonyeza kujibu, badilisha kichwa. Gmail inaanzisha mazungumzo mapya yenyewe. Kazi imekwisha.

Fundi_Tehama: Kwa Gmail uko sawa. Tatizo ni kwamba jibu linabeba ndani yake alama ya barua lililotokana nayo, `In-Reply-To` na `References`. Baadhi ya mifumo ya tiketi, ile inayosajili kila ombi ili lifuatiliwe hadi limalizike, inasoma hizo, haisomi kichwa, basi ombi lako jipya linaingizwa kwenye tiketi ya zamani. Tena maandishi yote ya nyuma yanasafiri nalo chini. Anza barua mpya kabisa, jina la mpokeaji liandike tena.

Na kwetu barua moja ni tiketi moja yenye hali moja, iko wazi au imefungwa. Mtu anaandika printa haichapi na pia anaomba nywila mpya. Fundi wa printa anamaliza, anafunga. Ukipata ujumbe wa tiketi kufungwa na nusu ya ulichoomba haijaguswa, ujue ndicho kilichotokea.

Mama_Picha: Naunga mkono kugawa! Nilituma picha za eneo la ujenzi zikakataliwa, Gmail inakomea MB 25. Nikagawa mara tatu zikaenda.

Fundi_Tehama: Mama, hapo umegawa mzigo, ombi lilikuwa moja. Kwa hilo kichwa kibaki kilekile, uongeze tu 1/3, 2/3, 3/3 ili mpokeaji asidhani zimeisha.

Mwenye_Swali: Haya, nikigawa, vichwa niviandikeje? Nimezoea "Maombi".

Bi_Masjala: Barua nne zote "Maombi" ni afadhali ungeacha moja. Taja jambo na unachotaka: "Makato ya mshahara wa Septemba: naomba yakaguliwe kabla ya tarehe 20". Likizo: "Likizo 3–14 Novemba: naomba idhini". Mhasibu asome kichwa tu ajue ni yake.

Mwenye_Swali: Na gari la Singida? Safari hiyo inahitaji pia masurufu, sikuwa nimeyataja.

Bi_Masjala: Gari na masurufu ziende pamoja. Safari ikikataliwa vyote vinakufa, ni uamuzi mmoja.

Fundi_Tehama: Hapo sikubaliani. Masurufu yatafika kwa mhasibu, gari kwa msimamizi wa usafiri, tumerudi kulekule kwa fowadi.

Bi_Masjala: Kwanza idhini ya safari, barua moja. Ikishatoka, ndipo kila mmoja aandikiwe ya kwake.

Meneja_Mchovu: Kwa hiyo za Singida peke yake zimekuwa tatu.