Tupeane uzoefu: IgM ya tokso imetoka chanya mwanzoni mwa mimba

Mama Ushindi, Kadutu: Wamama, naanza mimi. Mimba ya wiki 9, CPN ya kwanza. Tokso, ule ugonjwa wa kijidudu cha paka, walipima kingamwili za aina mbili: IgG chanya, 84 UI/ml, na IgM chanya. Rubela: IgG chanya, IgM hasi. Muuguzi akasema tokso imeniingia sasa hivi. Sikulala, na mume akafukuza paka usiku uleule. Daktari wa pili akaniandikia spiramisini ya kushika wakati tunangoja, akaomba avidite kwenye damu ileile. Ikarudi ya juu. Akasema niliipata kabla ya mimba, dawa akaisimamisha. Nani mwingine alipita huko?

Safi: Dada, mimi nilifundishwa IgM ni ugonjwa mpya, IgG wa zamani. Hiyo avidite labda walikosea.

Laboranti wa Ibanda: Safi, nusu yake ni kweli. IgG chanya na IgM hasi mwanzoni mwa mimba, kama hiyo rubela yake, ni kinga ya zamani. Lakini IgM ya tokso huweza kukaa damuni hata zaidi ya mwaka, na kuna wakati kipimo kinaionyesha kumbe haipo. Ndiyo maana tunaangalia IgG inashika kijidudu kwa nguvu gani, hiyo ndiyo avidite. Zile changa hushika kwa ulegevu, miezi ikipita zinakaza. Avidite ya juu inasema maambukizi yana angalau miezi 4, na kwa mimba ya wiki 9 hapo ni kabla ya mimba. Ikiwa ya chini, usihukumu: kwa wengine hubaki chini kwa miezi mingi. Hapo tunachukua damu tena baada ya wiki 2 au 3, tunaipima pamoja na ile ya kwanza iliyohifadhiwa, mashine moja, siku moja. IgG ikipanda sana, tunashuku maambukizi ya karibuni. Namba za labo mbili usizilinganishe kamwe.

Mama Aline: Mimi rubela IgG hasi, wiki 7. Mungu asifiwe, sina ugonjwa!

Laboranti wa Ibanda: Mama Aline, hasi hiyo inasema hauna kinga. Chanjo haitolewi ukiwa na mimba, utaipata ukishazaa. Mtoto mwenye homa na vipele akikukaribia, mwambie daktari mara moja, usingoje CPN inayofuata.

Mama Aline: Eh! Wa jirani ametoka vipele tangu Jumapili. Naenda kesho.

Baba Neema: Bibi yangu yuko wiki 20, IgM chanya, avidite ya juu. Basi tutulie kama Mama Ushindi?

Laboranti wa Ibanda: Hapana, baba. Toa miezi 4 kwenye wiki 20: zinabaki wiki chache za mwanzo wa mimba, na hizo avidite haizisemei. Damu ya CPN ya kwanza ilihifadhiwa?

Baba Neema: Walishaitupa.

Laboranti wa Ibanda: Basi karatasi peke yake haitajibu. Muone daktari wa wanawake, azungumze nanyi juu ya dawa na ekografia.

Safi: Na paka wa Mama Ushindi alirudi?

Mama Ushindi: Alirudi. Mchanga wake anautoa mume.